Oda ya mteja ina maana mbili? Mwongozo kamili wa kumpa machaguo yenye majina

Wenzangu wa maduka ya uchapishaji hapa Kisumu huniletea kilio kilekile. Mteja ametuma oda ya maneno kumi, mwenye duka amemrudishia "unamaanisha nini?", mteja amenyamaza, na jioni kazi imeonekana kwenye printa ya jirani. Wengine hawaulizi kabisa. Wanachapa walivyoelewa, mteja anakuja, anaushika mzigo, anasema hiki sicho.

Dawa ya yote mawili ni moja: mwandikie mteja maana mbili au tatu za oda yake mwenyewe, kila moja na jina lake, ili ajibu kwa neno moja. Ni rahisi kusema, lakini nimeona watu wakijaribu na kuharibu katika sehemu zilezile. Nitatumia oda moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya programu za mazishi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayokuja kwa haraka kuliko zote na isiyo na siku ya kurudia.

## Unachohitaji

- Oda ya mteja kama alivyoiandika, neno kwa neno. Usifanye kazi kwa kukumbuka.
- Karatasi yako ya bei. Bei nitakazotaja hapa ni za mfano, weka zako.
- Karatasi tupu chache na stepla ya kutengenezea sampuli.
- Daftari na kalamu.
- Dakika kumi ambazo hutashika simu nyingine.

Oda yetu imeingia Jumanne saa sita mchana:

> Habari bosi. Tuko na msiba. Naomba programu 200, peji 8, saizi ya kawaida. Maandishi yanakuja jioni. Tunachukua Ijumaa saa 3.

Ukiisoma haraka haina shida. Hapo ndipo inapokukamata.

## Hatua ya 1: Tafuta neno linalobadilisha karatasi

Soma oda mara mbili na upigie mstari kila neno ambalo watu wawili wanaweza kulielewa tofauti. Hapa yapo matatu: "peji 8", "saizi ya kawaida" na "saa 3".

Sasa kwa kila neno jiulize: nikikosea, nitapoteza nini? Kama jibu ni karatasi moja au dakika mbili, usiulize, fanya. Mtu akikwambia "nitolee kopi ya kitambulisho", mtolee mbele na nyuma kwenye karatasi moja, maana ndivyo ofisi nyingi zinavyotaka. Akiitaka vingine umepoteza karatasi moja. Ukimuuliza maswali matatu kwa kopi moja, atakuona mgeni wa kazi.

"Peji 8" ni jambo jingine. Neno hilo likigeuka, karatasi zinaongezeka maradufu. Na linakwenda pamoja na "saizi ya kawaida", kwa sababu huwezi kujua peji ngapi zinatoka kwenye karatasi moja kabla ya kujua kama inakunjwa.

Umefaulu ukibaki na neno moja, au maneno mawili yanayotegemeana, ambayo kuyakosea kunagharimu pesa ya kweli.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kila maana

Usiandike maana kwa maneno tu. Ipigie hesabu hadi kwenye karatasi, kwa sababu wakati mwingine maana mbili zinaleta kitu kilekile na swali linakufa lenyewe.

Maana ya kwanza: kitabu kidogo cha peji 8. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa peji nne za A5, mbili mbele na mbili nyuma. Peji 8 ni karatasi mbili kwa kila kitabu, na vitabu 200 ni karatasi 400. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha, na unabaki na za kujaribia.

Maana ya pili: peji 8 za A4 nzima, zisizokunjwa. Ukichapa pande zote mbili ni karatasi nne kwa kila nakala. Mara 200 ni karatasi 800, yaani rimu ya pili imefunguliwa.

Maana ya tatu ndiyo wengi hawaioni. Mteja anaposema "peji 8" huenda hahesabu kitabu, anahesabu maandishi. Ndugu yao aliyeko Nairobi ameandika historia ya marehemu, orodha ya watoto na wajukuu, nyimbo na ratiba, yote kwenye A4, na kompyuta imemwonyesha peji 8. Maandishi hayo, kwa herufi zilezile, yakiingia kwenye kitabu cha A5 yanakuwa peji 16, kwa sababu A5 ni nusu ya A4. Hapo ni karatasi nne kwa kila kitabu, 800 kwa jumla, sawa na maana ya pili, ila mkononi ni kitu tofauti kabisa.

Kuna anayesema: si nibane tu yale maandishi yaingie peji 8 ndogo? Jaribu uone. Kushusha A4 hadi A5 ni kuipunguza hadi karibu asilimia 71, kwa hiyo herufi ya 12 inakuwa kama 8.5. Wazee walioketi chini ya hema Jumamosi hawataisoma, na lawama haitaenda kwa ndugu wa Nairobi.

Maana ya nne pia ipo: karatasi 8 zikunjwe zote. Hiyo ni peji 32 kwa kitabu, karatasi 1,600 kwa jumla.

Onyo: kitabu cha kukunja huenda kwa nne. Hakuna kitabu cha peji 10 cha kukunja bila peji mbili tupu. Ukiandika chaguo lisilowezekana kwenye printa, mteja atalichagua hilohilo.

## Hatua ya 3: Punguza hadi mbili au tatu

Tuna maana nne, na moja lazima itoke. Usiitoe kwa kubahatisha, itoe kwa kitu ambacho mteja mwenyewe amekwishasema. Peji 32 za programu ni kitabu kabisa. Mtu anayekitaka angetaja picha nyingi, au angeomba bei kwanza. Huyu amesema "kawaida". Ya nne inatoka.

Kwa nini si zaidi ya tatu? Fungua simu ya kawaida uangalie kioo chake. Machaguo matatu pamoja na bei yanajaza kioo kimoja. La nne linamlazimisha mtu kupandisha na kushusha, na aliye msibani hafanyi hivyo. Atakupigia simu, na umerudi pale ulipoanza.

Bado "saa 3". Hili ndilo shimo la pili ambalo watu wanatumbukia. Mmoja ameandika saa tatu ya Kiswahili, asubuhi. Mwingine amefikiria kwa Kiingereza na anamaanisha alasiri, saa tisa yetu. Ukiingiza swali hili kwenye machaguo, maana tatu za karatasi mara mbili za saa ni machaguo sita, na hakuna atakayeyasoma.

Kwa hiyo usiliulize. Lichukulie upande ambao ukikosea haumuumizi mtu. Ukimaliza Ijumaa saa tatu asubuhi, wa saa tatu anakuta tayari na wa saa tisa anakuta tayari. Mwandikie saa hiyo kwa maneno, basi. Mara nyingi Ijumaa mwili unatoka mochari na magari yanaelekea nyumbani, Siaya, Vihiga au kwingineko. Programu iliyochelewa ikabaki mjini haina kazi tena.

Umefaulu ukiwa na swali moja tu la kujibiwa, na mengine yote umeyachukulia kwa uwazi.

## Hatua ya 4: Pa kila chaguo jina

Jina ndilo linalofanya jibu liwe la neno moja. Nilijifunza kwa hasara. Zamani nilikuwa naandika A, B na C. Mteja mmoja akanijibu "A4 iko sawa". Mimi nikasoma saizi ya karatasi. Yeye alikuwa anasema chaguo A, na peji 4 ziwe na rangi. Nilichapa nakala 150 za saizi kubwa nikazibeba nyumbani, na mpaka leo watoto wanachorea nyuma yake.

Namba nazo si salama. Oda yenyewe ina 200, 8 na 3. Mteja akijibu "2", hujui kama amechagua la pili, au anataka 200 na kidole kimekatika njiani.

Tumia neno linaloeleza kitu kama kinavyoonekana mkononi. Kwa oda hii natumia KIDOGO, KINENE na KIKUBWA. Mtu ambaye hajui A5 ni nini anaelewa mara moja.

Onyo kuhusu majina yanayohukumu. Usiandike "ya bei rahisi" na "ya heshima". Umeshaiambia familia kwamba wakichagua la kwanza hawamheshimu mzee wao. Wengine watachukua la ghali kwa aibu, halafu siku ya kuchukua mnaanza kuvutana kuhusu salio. Wengine wataondoka kimya. Jina litaje umbo, na bei ijitaje yenyewe.

## Hatua ya 5: Andika ujumbe

Anza na pole kabla ya biashara, lakini kwa sentensi moja. Kisha kila chaguo lipange mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: umbo, idadi ya peji, bei. Ukitaja bei kwenye mawili na kuisahau kwenye moja, lile lisilo na bei ndilo litakaloulizwa.

> Poleni sana kwa msiba. Nimepata oda ya programu 200. Mnachagua lipi?
>
> KIDOGO: karatasi ya fotokopi imekunjwa katikati kama kitabu, peji 8. Jumla shilingi 8,000.
>
> KINENE: saizi hiyohiyo ya kukunja, peji 16. Jumla 15,000. Hiki ndicho chenu kama maandishi yamechapwa kwenye karatasi nzima na yamefika peji 8.
>
> KIKUBWA: karatasi nzima bila kukunja, peji 8, stepla pembeni. Jumla 14,000.
>
> Zitakuwa tayari Ijumaa saa tatu asubuhi. Nijibu neno moja: KIDOGO, KINENE au KIKUBWA. Kama mnataka tofauti na haya, niandikie mnavyotaka.

Angalia ile sentensi ya ziada kwenye KINENE. Ndiyo pekee inayoeleza ni nani anayefaa kuchagua nini, kwa sababu ndiyo maana pekee ambayo mteja mwenyewe hajui kuwa ipo. Hayo mengine mawili anayafahamu akiyasoma.

Sentensi ya mwisho nayo usiikate. Bila mlango huo, anayetaka kitu cha nne atachagua kilicho karibu ili akuridhishe, na ukweli utautambua siku ya kuchukua.

La kwanza liwe lile unaloona linaombwa zaidi. Ukitaka kusema "wengi huchukua hili", sema tu ikiwa daftari lako linasema hivyo.

Kisha kumbuka jambo moja la huku kwetu: anayekuandikia mara nyingi si mwenye uamuzi. Ujumbe wako utatupwa kwenye grupu la kamati ya mazishi na watu thelathini wataujadili bila wewe kuwepo. Kwa hiyo ujumbe ujitosheleze. Usiandike "kama nilivyokwambia kwenye simu", maana mjomba aliye Eldoret hakuwa kwenye simu hiyo. Idadi 200 na siku ya kuchukua ziwe ndani ya ujumbe uleule.

Jaribio: mpe kijana wa dukani asome bila maelezo, kisha akutajie tofauti ya KIDOGO na KINENE. Akisita, andika upya.

## Hatua ya 6: Fanya kazi ambayo haitegemei jibu

Wakati unasubiri usikae. Katika yote matatu utahitaji picha ya jalada iliyosafishwa, jina na tarehe za marehemu, na kuhakikisha tahajia ya majina ya familia. Fanya hizo.

Usiguse mpangilio wa peji, na usichape hata moja. Nimesikia wanaoandika "nisipojibiwa kufikia saa kumi naanza na KIDOGO". Kwa usanifu wa kompyuta inaweza kupita, kwa sababu unaubadilisha baadaye. Kwa karatasi 400 hapana. Ukimya wa familia iliyo mochari si ruhusa.

## Hatua ya 7: Pokea jibu, ulifunge

Jibu zuri ni neno moja ndani ya muda mfupi. Lakini utapata na haya:

"Sawa." Sawa gani? Hilo si chaguo, ni mtu aliyesoma mstari wa kwanza. Mrudishie majina matatu tu, bila maelezo: "KIDOGO, KINENE au KIKUBWA?"

"Hiyo ya kwanza." Linakubalika, lakini litaje kwa jina unapothibitisha. Ujumbe ulionakiliwa kwenye grupu wakati mwingine umepangwa upya na mtu mwingine.

Majibu mawili kutoka kwa watu wawili wa familia moja. Usiwe hakimu. Mwandikie aliyeleta oda: "Nimepata KIDOGO na KIKUBWA. Nitafuata neno lako wewe." Kisha ungoje.

Ukipata jibu, lifunge kwa mstari mmoja unaotaja kitu chenyewe: "Nimeelewa KINENE: programu 200, za kukunja, peji 16, shilingi 15,000, Ijumaa saa tatu asubuhi. Dipoziti nusu kwa M-Pesa nianze." Dipoziti ikiingia baada ya mstari huo, hakuna tena wa kusema alimaanisha kingine. Ikiingia kabla yake, umelipwa kwa kitu ambacho hamjakitaja.

Maandishi yakifika jioni, yalinganishe na chaguo kabla ya kupanga lolote. Kama walichagua KIDOGO na umeletewa peji 8 za A4, waambie palepale: wapunguze maneno au wahamie KINENE. Hapo machaguo ni mawili, na majina wameshayazoea.

## Mteja akiwa mezani au kwenye simu

Sikio halibebi machaguo matatu yenye bei. Kwenye simu toa mawili tu, yaliyo mbali zaidi: "Mzee, ni kile kitabu cha kukunja, au karatasi nzima?" Akisema cha kukunja, ndipo unauliza kama maandishi yao yamefika karatasi ngapi. Unagawanya njia kwa awamu.

Mezani weka zile sampuli tupu tatu, umeandika jina la kila moja juu yake kwa kalamu nene na idadi ya peji chini. Mama anazishika, anafungua, anakunja, anakuwekea moja mbele. Mimi nimezifunga kwa uzi kwenye ukuta karibu na mlango, kwa sababu zile za kwanza ziliondoka na wateja.

## Pale njia hii haifai

Oda ikiwa pana kupita kiasi, kwa mfano "nitengenezee kitu kizuri cha harusi", usibuni machaguo. Huna maana tatu, una maana mia. Uliza swali moja la wazi: ni kadi ya kualika, ni bango la ukumbini, au ni kingine? Jibu likija, ndipo urudi hatua ya 1.

Na mteja wa kila siku ambaye umemchapia mara kumi, usimpe majina. Mwandikie tu, "kama zile za mwezi uliopita, 200, Ijumaa asubuhi?" na usubiri ndiyo.